Moto ya kontra ao moto ya versema: ile pikipiki unabaki nayo mwisho inabeba bei gani kweli?

"Mukubwa jambo. Niko motari hapa Bukavu, nalala Panzi. Bosi wangu ananiwekea njia mbili. Ya kwanza niendelee na versema, dola 5 kwa siku, siku 6 kwa wiki, pneu na shene na motere ni juu yake. Ya pili ni kontra, TVS mpya ya dola 1,400, naleta avansi 150, naversa dola 7 kwa siku miezi 14, garaji yote na makaratasi ni juu yangu, na mwisho moto inabaki yangu. Mke wangu anasema nisaini haraka juu na versema sitabaki na kitu. Mimi naona hata ile dola 2 ya kuongeza si kitu. Nifanye nini?"

Ndugu yangu, usisaini kwanza, tuhesabu. Mke wako ana haki kwa jambo moja, kwamba na versema siku unarudisha funguo unabaki mikono mitupu. Lakini ile dola 2 si kitu kidogo, na haiko peke yake.

Miezi 14 tuiweke wiki 60, kwa siku 6 inakuwa versema 360. Kwa versema ya kawaida umetoa 1,800. Kwa kontra umetoa 2,520, ongeza avansi 150, ni 2,670. Tofauti iko 870. Wengi wanasimama pale, wanasema 870 juu ya moto ya 1,400, ni bei nzuri sana, wanachukua kalamu. Makosa iko mbili pale: hawajahesabu garaji, na wanahesabu moto kwa bei ya siku ilitoka dukani wakati wao wataipokea siku imeshapanda mlima miezi 14.

Garaji kwanza. Nimekaa miaka mingi nikiandika daftari ya matumizi ya moto za watu, na Bukavu haisamehe. Milima ya Kadutu, matope ya mvua, wateja wawili na mfuko wa makala nyuma, unapanda na vitesi ya kwanza huku unashika ambreyaji nusu nusu, zile diski zinaungua tu. Pneu ya nyuma itaisha kabla ya ya mbele, seti ya shene na pinyo utabadirisha mara mbili kama unachelewa kuipaka mafuta, halafu kuna mikate ya freni, rulema za gurudumu, betri. Moto mpya miezi ya kwanza haidai kitu, njo maana watu wanajidanganya, lakini ukiisambaza kwa miezi 14 mimi naweka dola 15 kwa mwezi na siongezi chumvi, hiyo ni 210. Makaratasi, asiransi na vinyeti na vingine vya njiani, tuseme 80 (wewe weka yako kama unajua unalipa ngapi). Zile zote kwa versema ni za bosi, kwa kontra ni zako. Sasa 870 na 210 na 80 ni 1,160. Njo bei ya kweli unanunulia ile moto, dola 1,160 juu ya ile ungelipa hata hivyo kama versema.

Sasa upande wa pili, ile moto itabeba ngapi siku unaipokea? Usiulize bosi, usiulize dukani. Nenda pale wanauza za mtumba, tafuta TVS ile ile yenye imefanya kazi ya taksi mwaka moja na kidogo, jifanye mnunuzi, halafu rudi kesho jifanye muuzaji wa moto kama hiyo. Bei ya kununua na bei ya kuuza hazifanani, ya kweli iko katikati. Ukifanya hivyo pengine utapata nusu ya bei ya mpya, mimi natumia 700 hapa, na hiyo 700 ni yenye karte roze na kontra ya mauzo mkononi. Bila karatasi inashuka vibaya juu mnunuzi anajua polisi watamsimamisha.

Kuitambua hali ya moto hautegemei kilometa. Ule waya wa kilometa unatolewa dakika mbili. Angalia shene: shika pale nyuma kabisa ya pinyo kubwa, uivute kuelekea nyuma, kama inatoka juu ya meno mpaka unaona nusu ya jino iko wazi, ile seti imekwisha. Meno yenyewe yakilala upande moja kama kucha ya kuku, imekwisha zamani. Washa asubuhi wakati motere iko baridi, moshi wa rangi ya bluu maana yake inakula mafuta ya motere, na hiyo si dola 20 tena. Nakuambia hizi juu siku ya mwisho wa kontra ni wewe utakuwa unapokea moto ya namna hiyo, utakuwa unajinunulia mtumba yako mwenyewe.

Kwa hiyo unatoa 1,160 unapata kitu cha 700. Unapoteza 460. Na ile 460 haipotei hewani. Hesabu upande wa bosi: angekupangisha tu angekula 1,800, angetoa 290 ya garaji na makaratasi, angebaki na moto ya 700, jumla 2,210. Kwa kontra anakula 2,670 na mikono yake haina mafuta ya garaji. 2,670 toa 2,210, njo ile ile 460. Simchukii, feza yake 1,400 iko barabarani na anaweza kuamka asubuhi haiko, lakini ni vizuri ujue hiyo 460 ni ya kujadiliwa, haikuandikwa mbinguni.

Najua utaniambia: mukubwa, mimi siuzi, mimi naendesha, moto ikishakuwa yangu ile dola 5 ya kila siku inabaki mfukoni, hiyo haukuhesabu. Swali nzuri, na hapo njo hata watu wa biro wanateleza. Ni kweli moto yako ikifanya kazi mwaka moja mbele bila kuversa, ni siku 312 kwa dola 5, ni 1,560, hata ukitoa garaji ya moto mzee bado inabaki feza ya kuonekana. Lakini ile faida si ya kontra. Ni ya kuwa na moto. Mtu yeyote mwenye 700 mkononi anaweza kununua moto ile ile na kupata faida ile ile. Kwa hiyo thamani ya mwisho unaihesabu kwa bei ungeinunulia kwa mwingine siku ile, hauongezi juu yake ile versema utaacha kulipa, ukiongeza unahesabu kitu kimoja mara mbili.

Na ukiifuata hii mpaka mwisho inakuja hesabu yenye itamshangaza mke wako. Tuseme unabaki na versema, lakini kila kitu ungeweka ndani ya kontra unakiweka pembeni. Avansi 150 unayo tayari. Kila wiki dola 12 za ile tofauti, na karibu dola 5 ya garaji na makaratasi ambayo bosi analipa kwa sasa, ni 17 kwa wiki. Kufika 700 unahitaji 550 zaidi, gawa kwa 17, ni wiki ya 33. Mwezi wa 8! Unanunua mtumba, unaacha kuversa, wakati mwenzako wa kontra amebakiza wiki 27. Zile wiki 27 kwa dola 30 ni 810 haitoki tena, toa 280 ya garaji na makaratasi ya moto mzee, bado 530 iko yako. Hata kama unaweza kuweka zile dola 12 tu, unafika 700 wiki ya 46, bado uko mbele.

Ila. Iko mambo mawili ambayo karatasi haioni, na juu yao mimi sisemi kontra ni mbaya kwa kila mtu.

La kwanza ni wewe mwenyewe. Dola 17 kwa wiki ndani ya nyumba Panzi, mtoto anaumwa, shemeji anafika kutoka kijijini, masomo yanadai, utaniambia iko wapi wiki ya 33? Bosi anakuja kudai kila jioni, feza yako ya pembeni haidai kitu. Kama hauko ndani ya muso ao likelemba yenye watu wanakujua na wanakufuata, jihesabie ukweli. Nimeona vijana wanafanya hesabu nzuri kuliko hii yangu, na mwisho wa mwaka kwenye sanduku iko dola 60 na simu mpya. Kwa mtu wa hivyo, kupoteza 460 na kubaki na moto ni afazali kuliko kuokoa 460 ya karatasi.

La pili ni mtumba yenyewe. Moto nyingi zenye ziko sokoni zimetoka kwa versema, na moto ya versema kila mtu anaipiga, motari anasema si yangu, bosi anaweka pneu ya bei ya chini. Ile ya kontra unaichukua zero, unajua kila vidanji, unajua siku ilianguka na ilianguka upande gani. Hiyo inabeba kitu, kwangu mimi dola 50 mpaka 100, siyo 460.

Kwa hiyo rudi kwa bosi, na usijadili ile dola 7, jadili miezi. Motari wote wanaenda kupigania dola ya siku, "fanya 6 na nusu bosi," anakubali halafu anaongeza miezi miwili na wewe unatoka unacheka. Mwambie dola 7 nakubali, avansi nakubali, lakini miezi 10. Wiki 43, versema 258. Tofauti ya dola 2 ni 516, avansi 150, garaji miezi 10 ni 150, makaratasi 80, jumla 896. Na moto ya miezi 10 haijachoka kama ya 14, iweke 850. Unapoteza 46 tu, hiyo ni bei ya haki ya kujua historia ya moto yako. Bosi yeye anapata 1,956 juu ya moto ya 1,400 ndani ya miezi 10. Akikataa miezi 10, jaribu 11, nafasi iko, lakini ukivuka 12 kwa bei hizi mimi ningebaki na versema.

Sasa jambo lenye linaua kontra nyingi kuliko bei: kutofika mwisho. Ile 700 ni yako siku ya versema ya 360, siku ya 359 ni zero. Kama wewe ndani ya moyo unaona nafasi ya kufika ni 7 juu ya 10, basi 700 hiyo inabeba 490 leo, na ile hesabu yote inazidi kuwa mbaya. Malaria ya wiki mbili, mguu umevunjika, barabara imefungwa, na kontra inasema ukikosa siku 3 bosi anachukua moto. Mimi mwenyewe yalinikuta, zamani, moto yangu ya kwanza. Nilikuwa nimebakiza kama miezi miwili. Bosi akasema ile karatasi yetu imepotea na kwa kichwa chake tuliongea miezi 18. Mimi nilikuwa na karatasi? Nilikuwa na nakala imeloa mvua ndani ya koti, saini yake imegeuka doa ya bluu. Na versema nilikuwa naleta mkononi bila kuandika. Nilirudisha funguo. Tangu siku ile mimi naandika, hata chumvi naandika.

Kwa hiyo kontra yako iwe hivi. Usiandike "miezi 14" ao "miezi 10", andika idadi ya versema, 258 ao 360, halafu siku moto iko garaji kwa pane kubwa ao unaumwa hauversi, mwisho unasogea mbele tu, hakuna mtu amekosa. Andika kwamba ndani ya zile dola 7, dola 5 ni ya kupanga na dola 2 ni ya kununua. Mstari moja ule unabadirisha kila kitu, juu siku bosi anachukua moto kwa sababu yoyote, ile ya kununua inajulikana na inarudi kwako. Chukua wiki ya 40: versema 240 kwa dola 2 ni 480, na avansi 150, ni 630 yako iko ndani ya ile moto. Bosi hatakubali kurudisha yote, atasema moto imechoka, sawa, mkubaliane nusu, 315 ni bora kuliko kurudi nyumbani na kofia ya moto. Na akikataa hata nusu, umejua unashughulika na nani.

Andika feza gani pia. Kama versema ni dola lakini unaleta franka, muandike ni kwa kiwango cha wapi na cha siku gani, juu kiwango kikitembea kila mtu atakumbuka kile kinachomsaidia.

Asiransi: ile ya lazima inalipa yule umemgonga. Hailipi moto yako ikiibiwa. Kontra nyingi zimenyamaza hapo, halafu moto inaibiwa usiku mwezi wa 9 na bosi anasema endelea kuversa mpaka mwisho, unalipa hewa. Muandike nani anabeba wizi, na moto inalala wapi. Ikiwa inalala kwa bosi usiku, wizi wa usiku ni wake, hiyo haina mjadala.

Na usifikiri karatasi ya daftari haina nguvu. Sheria yetu ya mikataba ni ile ile ya tarehe 30/7/1888, na artikle 33 inasema makubaliano yaliyofanywa vizuri ni sheria kwa wale waliyafanya. Hiyo inakata pande zote mbili, ukisaini "siku 3 moto inarudi" hakimu atakusomea saini yako. Fanya nakala mbili, mashahidi wawili, mmoja asiwe ndugu ya bosi, na kama unaweza ipitishe kwa notere. Kila versema iandikwe kwenye kadaftari na yeye asaini palepale, ao atume ujumbe kwa simu "nimepokea ya leo", unauhifadhi. Ukilipa kwa simu bora zaidi, historia inabaki.

Karatasi za moto zenyewe. Karte roze itakuwa kwa jina lake mpaka mwisho, sawa, hiyo ni kawaida, lakini omba uione leo. Nimero ya shasi iko imepigwa kwenye shingo ya moto, pale usukani unageukia, futa vumbi na kitambaa, soma moja moja ulinganishe na karte roze, halafu nimero ya motere vilevile. Zote mbili ziingie ndani ya kontra. Na muulize bila haya kama ile moto ameinunua na deni, juu kama iko mtu mwingine anaidai, siku bosi anashindwa kulipa yule atakuja kuchukua moto chini yako na wewe hauna neno. Muandike pia ndani ya siku ngapi baada ya versema ya mwisho atakusainia kontra ya mauzo, na nani analipa mutasyo ya karte roze. Ikibaki bila kuandikwa itakuwa wewe.

Kwa masharti bosi amekuwekea leo, ningekuwa wewe ningebaki na versema na kuingia muso na zile dola 12 tangu wiki hii, na ile 150 mke wako ashike, si wewe. Lakini kwanza mpelekee bosi ile ya versema 258 na mstari wa dola 5 na dola 2. Mpelekee asubuhi kabla hajatoka, peke yenu, si mbele ya motari wengine, mbele ya watu hatakubali kitu juu kesho wote watadai ile ile. Akisema ndiyo, niandikie, tuisome ile kontra pamoja kabla ya kusaini.